Mbinu ya adhabu kwenye jedwali la usafirishaji: maghala matatu, wateja wanne wa Unguja

Tuseme una saruji katika maghala matatu: Malindi karibu na bandari, Mwanakwerekwe, na Mkokotoni. Wateja wako wanne wanajenga Nungwi, Kiwengwa, Paje na Makunduchi. Ghala lolote linaweza kumpelekea mteja yeyote, ila nauli ya kila njia ni yake. Swali ni moja tu: nani apewe mzigo wa ghala gani ili nauli ya jumla iwe ndogo?

Wengi wetu tungeanza na njia ya bei ndogo kuliko zote, tuijaze mpaka mwisho, kisha tushike inayofuata. Mwanzoni raha, mwishoni kilio, kwa sababu yule anayebaki wa mwisho hupelekewa na ghala lililobaki kwa bei yoyote ile. Mbinu ninayoieleza hapa inageuza swali. Haiulizi ni wapi rahisi, inauliza: nikikosa hapa, nitaumia kiasi gani? Huko kuumia ndiko kunakoitwa adhabu. Mbinu yenyewe inajulikana kwa jina la Vogel, aliyeitangaza pamoja na mwenzake Reinfeld mwaka 1958, ingawa tatizo la usafirishaji lenyewe lilikwishaandikwa kihesabu na Hitchcock mwaka 1941.

Tangu mwanzo tuelewane kwamba hii ni mbinu ya kuanzia. Inakupa mpango mzuri haraka, kwa kalamu na karatasi, lakini haikuahidi kwamba mpango huo ndio bora kuliko yote. Mfano wa hapa nimeupanga makusudi ili uone inapokosea, na namna ya kuligundua kosa.

Jedwali

Nauli nimezitunga ziwe nyepesi kuhesabu. Kila namba ni mia za shilingi kwa mfuko mmoja, yaani 4 ni shilingi 400.

| | Nungwi | Kiwengwa | Paje | Makunduchi | Mifuko iliyopo |
|---|---|---|---|---|---|
| Malindi | 8 | 10 | 9 | 12 | 100 |
| Mwanakwerekwe | 10 | 8 | 6 | 9 | 80 |
| Mkokotoni | 4 | 5 | 14 | 18 | 60 |
| Mahitaji | 70 | 50 | 70 | 50 | 240 |

Usishangae Malindi hadi Nungwi kuwa nafuu kuliko Malindi hadi Kiwengwa. Nauli haifuati kilomita peke yake. Gari lenye uhakika wa mzigo wa kurudi nao huchukua bei ndogo kuliko linalorudi tupu, na jedwali linataka bei unayolipa kweli, siyo ile unayoikisia kwa ramani.

Kabla ya kitu chochote jumlisha pande zote mbili. Mifuko iliyopo ni 100 + 80 + 60 = 240. Mahitaji ni 70 + 50 + 70 + 50 = 240. Zimelingana, tunaendelea. Zisipolingana kuna la kufanya, nitalisema chini.

Kuhesabu adhabu

Chukua kila mstari, yaani kila ghala. Tafuta nauli ndogo kuliko zote katika mstari huo, kisha inayoifuatia kwa udogo, utoe. Mstari wa Malindi una 8, 10, 9 na 12. Ndogo ni 8, inayofuata ni 9, adhabu ni 1. Mwanakwerekwe ndogo ni 6 na inayofuata 8, adhabu 2. Mkokotoni 4 na 5, adhabu 1.

Fanya hivyo hivyo kwa kila safu, yaani kila mteja. Nungwi ina 8, 10 na 4: ndogo 4, inayofuata 8, adhabu 4. Kiwengwa 5 na 8, adhabu 3. Paje 6 na 9, adhabu 3. Makunduchi 9 na 12, adhabu 3.

Makosa mawili hutokea hapa kila siku. La kwanza ni kutoa nauli ndogo kutoka kwenye kubwa kuliko zote. Hapana, ni kutoka kwenye inayofuata, maana ukikosa nafasi ya kwanza utakwenda ya pili, hutarukia ya mwisho. La pili ni pale nauli mbili ndogo zinapolingana. Mtu huziona kama moja, akaruka hadi ya tatu. Ikiwa mstari una 5, 5 na 9, adhabu yake ni 0. Na sifuri hiyo ina maana: ukikosa 5 ya kwanza ipo nyingine ya bei ile ile, kwa hiyo huna haraka na mstari huo.

Andika adhabu za mistari pembeni kulia na za safu chini ya jedwali. Usizifute raundi inayofuata ikifika. Ongeza safu mpya pembeni na mstari mpya chini, na ile ya zamani iache ilivyo. Hesabu ikienda kombo utarudi nyuma uone ulipoteleza, na kama tutakavyoona, adhabu za raundi ya kwanza zina kazi nyingine mwishoni.

Raundi ya kwanza

Adhabu kubwa kuliko zote, za mistari na za safu kwa pamoja, ni 4 ya Nungwi. Inatuambia kwamba kila mfuko wa Nungwi utakaokosa ghala lake la nafuu utagharimu shilingi 400 zaidi. Basi tunaingia kwenye safu ya Nungwi na kuchagua kisanduku cha nauli ndogo, Mkokotoni kwa 4. Adhabu hukuonyesha safu au mstari wa kushughulikia, lakini mzigo unauweka kwenye nauli ndogo ya humo.

Weka mifuko mingi inavyowezekana. Mkokotoni ina 60, Nungwi inataka 70, kwa hiyo ni 60. Mkokotoni imeisha, mstari wake unakatwa. Nungwi inabaki ikidai 10.

Raundi ya pili

Hesabu adhabu upya. Hili ndilo linalofanywa kwa uvivu, kisha mtu akalalamika kwamba mbinu haifai. Habari njema ni kwamba kazi ni nusu: umekata mstari, basi zinazoweza kubadilika ni adhabu za safu tu. Za Malindi na Mwanakwerekwe hazijaguswa, kwa sababu mistari yao bado ina nauli zile zile nne. Ukikata safu, ni kinyume chake, unahesabu upya mistari.

Bila Mkokotoni, Nungwi ni 8 na 10, adhabu 2. Kiwengwa sasa ni 8 na 10, adhabu 2. Paje 6 na 9, adhabu 3. Makunduchi 9 na 12, adhabu 3. Malindi bado 1, Mwanakwerekwe bado 2.

Paje na Makunduchi zimefungana kwa 3. Ninavyofanya mimi, nachukua ile ambayo nauli yake ndogo iko chini zaidi. Paje ina 6, Makunduchi ina 9, basi Paje. Zikilingana hata hapo, chagua panapobeba mifuko mingi. Hizi ni desturi za kufungua njia, siyo sheria, na wakati mwingine ukichagua upande mwingine unafika pale pale. Hapa ndivyo ilivyo: nilijaribu kuanza na Makunduchi, gharama ya mwisho ya mbinu haikubadilika hata senti.

Mwanakwerekwe inaipelekea Paje mifuko 70. Paje imetosheka, safu inakatwa. Mwanakwerekwe inabaki na 10.

Raundi ya tatu na mabaki

Tumekata safu, kwa hiyo mistari ndiyo inayohesabiwa upya. Malindi imebaki na 8, 10 na 12, adhabu 2. Mwanakwerekwe imebaki na 10, 8 na 9, adhabu 1. Safu ni zile zile: Nungwi 2, Kiwengwa 2, Makunduchi 3.

Makunduchi inashinda. Nauli yake ndogo ni 9 kutoka Mwanakwerekwe, ambako imebaki mifuko 10 tu. Weka 10, kata mstari wa Mwanakwerekwe, Makunduchi inabaki ikidai 40.

Sasa limebaki ghala moja, Malindi, lenye mifuko 100, na wateja watatu wanaodai 10, 50 na 40. Hakuna cha kulinganisha tena, wala huhitaji adhabu. Unajaza tu: Nungwi 10, Kiwengwa 50, Makunduchi 40.

| | Nungwi | Kiwengwa | Paje | Makunduchi |
|---|---|---|---|---|
| Malindi | 10 | 50 | | 40 |
| Mwanakwerekwe | | | 70 | 10 |
| Mkokotoni | 60 | | | |

Gharama: 10×8 + 50×10 + 40×12 + 70×6 + 10×9 + 60×4 = 80 + 500 + 480 + 420 + 90 + 240 = 1,810, yaani shilingi 181,000.

Ukianza kujaza kutoka kona ya juu kushoto bila kutazama nauli, kama wanafunzi wanavyofundishwa kwanza, jedwali hili linakupa 2,420. Ukifuata bei ndogo kwanza unapata 1,820. Sitakuficha: tofauti kati ya bei ndogo na mbinu ya adhabu hapa ni shilingi 1,000 tu. Kuna majedwali ambayo tofauti ni kubwa sana, na mengine ambayo haipo kabisa.

Hesabu visanduku vilivyojazwa

Kabla ya kusogea, hesabu visanduku vyenye mzigo. Vinatakiwa viwe idadi ya maghala jumlisha idadi ya wateja, toa moja. Kwetu ni 3 + 4 − 1 = 6, na tunavyo sita. Vikipungua, uchunguzi unaofuata utakwama.

Hupungua pale mgao mmoja unapomaliza ghala na mteja kwa mpigo mmoja. Lau Mkokotoni ingekuwa na mifuko 70, raundi ya kwanza ingeimaliza Mkokotoni na Nungwi pamoja. Mkono unawasha kukata vyote viwili. Kata kimoja tu. Tuseme umekata mstari wa Mkokotoni, basi safu ya Nungwi iache wazi, mahitaji yake yakiwa 0. Itaendelea kushiriki katika adhabu kama kawaida, na zamu yake ikifika utaandika 0 kwenye kisanduku chake. Sifuri hiyo iandike kwa wino, usiache patupu. Inahesabika kama kisanduku kilichojazwa.

Wapi mbinu imetudanganya

Sasa rudi kwenye zile adhabu za raundi ya kwanza ulizoziacha pembeni. Kila adhabu ya mteja ilikuwa ahadi: ukikosa nauli ya kwanza, utalipa ya pili. Angalia kama ahadi ilitimia.

Nungwi iliahidiwa 4, na ikikosa, 8. Imepata mifuko 60 kwa 4 na 10 kwa 8. Sawa. Paje imepata yote kwa 6. Makunduchi iliahidiwa 9 au 12, na ndivyo ilivyolipa. Kiwengwa je? Iliahidiwa 5 kutoka Mkokotoni, ikikosa, 8 kutoka Mwanakwerekwe. Imelipa 10 kwa mifuko yote 50. Nafasi yake ya pili ilichukuliwa na Paje na Makunduchi, ikasukumwa hadi ya tatu.

Kwa hiyo raundi ya kwanza ilipolinganisha Nungwi kwa 4 na Kiwengwa kwa 3, mizani ilikuwa na kasoro. Hasara halisi ya kuinyima Kiwengwa mzigo wa Mkokotoni haikuwa 3. Ilikuwa 10 − 5 = 5, kubwa kuliko ya Nungwi. Adhabu huona hatua moja mbele tu. Haijui kwamba ghala la pili analolitegemea mteja huyu lina wengine wanaoligombea.

Mimi huanzia uchunguzi hapo: mteja aliyelipa zaidi ya nauli yake ya pili ndiye wa kushukiwa kwanza. Hiyo ni dalili. Hakimu ni hesabu ya mzunguko.

Kuhamisha mfuko mmoja

Chukua kisanduku kitupu cha Mkokotoni–Kiwengwa na ujiulize: nikipitisha mfuko mmoja hapa, nini kitabadilika? Kiwengwa ikipata mfuko kutoka Mkokotoni, upunguze mmoja unaotoka Malindi. Malindi imebaki na mfuko mkononi, iupeleke Nungwi. Nungwi imezidi, basi upunguze mmoja unaotoka Mkokotoni, ambao ndio ule tuliouanza nao. Mzunguko umefunga, na kila kona, isipokuwa ile tuliyoanzia, ni kisanduku chenye mzigo.

Fuata nauli, ukiongeza na kupunguza kwa zamu: +5 (Mkokotoni–Kiwengwa), −10 (Malindi–Kiwengwa), +8 (Malindi–Nungwi), −4 (Mkokotoni–Nungwi). Jumla ni −1. Kila mfuko unaozungushwa unaokoa shilingi 100.

Tuzungushe mingapi? Tazama visanduku vinavyopunguzwa. Malindi–Kiwengwa ina 50, Mkokotoni–Nungwi ina 60. Kidogo ndicho kikomo, kwa hiyo 50. Ukizidisha hapo utakuwa unapeleka mifuko usiyokuwa nayo. Baada ya kuzungusha, Mkokotoni inapeleka Kiwengwa 50 na Nungwi 10, Malindi inapeleka Nungwi 60, na Malindi–Kiwengwa imekuwa tupu. Visanduku bado ni sita. Gharama imeshuka 50, kutoka 1,810 hadi 1,760, yaani shilingi 176,000.

Rudia swali lile lile kwa visanduku vitupu vyote sita vya mpango mpya. Malindi–Kiwengwa inatoa +1, Mwanakwerekwe–Kiwengwa +2, Mwanakwerekwe–Nungwi +5, Mkokotoni–Paje +9, Mkokotoni–Makunduchi +10, na Malindi–Paje 0. Baadhi ya mizunguko hiyo ina kona sita badala ya nne, basi nenda taratibu kwa penseli. Hakuna iliyo chini ya sifuri, maana yake hakuna mpango mwingine wowote wa nauli hizi utakaoshuka chini ya 1,760. Hilo ni jambo ambalo adhabu peke yake isingeweza kukuambia.

Jumla zisipolingana

Tuseme Malindi ina 120 badala ya 100. Mifuko 20 itabaki. Ongeza safu ya mteja wa bandia, iite Bakaa, mahitaji yake 20 na nauli yake 0 kila mahali. Ila ujue safu hiyo inabadilisha adhabu za mistari yote, kwa sababu nauli ndogo ya kila ghala sasa ni 0. Adhabu ya Malindi inaruka kutoka 1 hadi 8, Mwanakwerekwe hadi 6, Mkokotoni hadi 4. Raundi ya kwanza inachaguliwa na Bakaa badala ya wateja wa kweli. Katika jedwali letu inaangukia vizuri, maana 20 zinabaki Malindi, lakini lipo jedwali ambalo Bakaa itachukua ghala zuri mapema mno. Njia ya tahadhari ni kuiweka Bakaa kando wakati wa kuhesabu adhabu, ugawe wateja wa kweli, na kilichobaki ndicho chake. Halafu ichunguze kwa mizunguko kama visanduku vingine. Na kama saruji inayolala Malindi inakulipisha kodi ya ghala kuliko inayolala Mkokotoni, usiandike 0, andika gharama hiyo.

Mzigo ukipungua kuliko mahitaji, cha bandia ni ghala, siyo mteja, na nauli yake ni ile hasara unayopata kwa kumkosesha kila mteja.

Ile sifuri ya Malindi–Paje

Sifuri katika uchunguzi wa mwisho ina maana kwamba upo mpango wa pili wenye gharama ile ile. Mzunguko wake ni +9 Malindi–Paje, −6 Mwanakwerekwe–Paje, +9 Mwanakwerekwe–Makunduchi, −12 Malindi–Makunduchi. Kikomo ni 40. Ukiuzungusha unapata hivi:

| | Nungwi | Kiwengwa | Paje | Makunduchi |
|---|---|---|---|---|
| Malindi | 60 | | 40 | |
| Mwanakwerekwe | | | 30 | 50 |
| Mkokotoni | 10 | 50 | | |

Gharama ni 480 + 360 + 180 + 450 + 40 + 250 = 1,760. Katika mpango wa kwanza mteja wa Makunduchi hupokea mifuko 40 kutoka Malindi na 10 kutoka Mwanakwerekwe, magari mawili na risiti mbili kwa mifuko 50. Katika huu hupokea yote kutoka Mwanakwerekwe, na aliyegawanyiwa ni wa Paje. Jedwali haliwezi kukuchagulia kati ya hizi mbili. Mimi ningechukua wa pili, kwa sababu Makunduchi ndiko mbali kuliko kote, na mteja wa huko akikosa mifuko 10 ya mwisho fundi wake atakaa siku nzima akisubiri gari.